Wastani wa siku haujazi rafu: siri iliyo katika oda za zamani

Mwenye duka la jumla mjini Kigali anayeagiza mafuta ya kula Dar es Salaam, akiulizwa mzigo huchukua muda gani, atajibu haraka: “Siku 11.” Jibu hilo si uongo. Ila ndilo linalomwacha na rafu tupu huku wateja wakihamia duka la jirani.

Chukua mfano wa mfanyabiashara wa aina hiyo ambaye bado ametunza karatasi za oda zake 10 zilizopita. Kwa kila oda anaandika tarehe mbili tu: siku aliyoagiza, na siku mzigo uliposhushwa dukani. Tarehe aliyoahidiwa na muuzaji haina kazi hapa. Wala siku lori lilipofika mpakani Rusumo haihesabiki, kwa sababu mafuta yaliyo mpakani hayauziki Kigali. Na kama mzigo ulikuja kwa mafungu, anaandika siku lilipofika fungu lililokamilisha oda. Akiandika la kwanza, hesabu yote itatoka nzuri kuliko hali halisi.

Akitoa tarehe moja kwenye nyingine anapata siku hizi: 9, 10, 8, 11, 9, 17, 10, 9, 12 na 15. Jumla ni 110, hivyo wastani ni siku 11 kama alivyosema. Duka linauza madumu 20 kwa siku, kwa hiyo mazoea yake yamekuwa kuagiza yanapobaki madumu 220.

Sasa hesabu iangaliwe upya. Mara saba mzigo ulifika kabla mafuta hayajaisha au siku yaliyoisha. Mara tatu ulichelewa: siku moja, siku nne, na siku sita. Hizo ni siku 11 bila mafuta, yaani madumu 220 ambayo yangeuzwa. Oda zilizowahi hazikufidia chochote, maana dumu lililokuja mapema mwezi uliopita lilikwisha kuuzwa.

Njia rahisi ya kupata akiba ni kuzipanga siku hizo kuanzia ndogo hadi kubwa: 8, 9, 9, 9, 10, 10, 11, 12, 15, 17. Anayetaka asiishiwe katika oda tisa kati ya 10 anatazama namba ya tisa, ambayo ni 15. Tofauti yake na wastani ni siku nne, na siku nne mara madumu 20 ni madumu 80. Hiyo ndiyo akiba. Ataagiza yanapobaki madumu 300, badala ya 220.

Wahasibu wana kanuni ya kupata akiba kutokana na mkengeuko wa siku, nayo hapa ingetoa jibu la karibu na hilo. Lakini kanuni hiyo huchukulia kwamba kuwahi na kuchelewa vinalingana. Barabarani havilingani: lori haliwezi kufika kabla ya kuondoka, ila linaweza kukwama wiki mbili. Kupanga namba kwenye daftari hakuna dhana hiyo.

Hata hivyo, madumu 80 ni fedha iliyolala stoo, na kabla ya kuilaza inafaa kuuliza ucheleweshaji umetoka wapi. Oda ya siku 17 ina jambo. Ujumbe wa malipo kwenye simu unaonyesha kwamba fedha ilitumwa siku tano baada ya oda, na muuzaji hapakii kabla ya kulipwa. Muuzaji na barabara walitumia siku 12 tu. Tano ni za mwenye duka mwenyewe. Kama oda hiyo ingelipwa siku ileile, namba ya tisa ingekuwa 12, na kiwango cha kuagiza kingeshuka hadi madumu 240. Madumu 60 yangetoka stoo bila kubadili muuzaji. Ila asiifute ile 17 daftarini mpaka awe ameanza kweli kulipa siku ya oda.

Hesabu hiyohiyo hugeuza hata uchaguzi wa muuzaji. Tuseme kuna mwingine ambaye wastani wake ni siku 13, lakini hajawahi kuvuka 14. Huyo anahitaji akiba ya siku moja tu, madumu 20, ingawa kwa maneno anaonekana mzito.

Oda 10 ni chache, na ya 11 inaweza kuvuka zote. Za kuelekea Krismasi au Idi ziwekwe ukurasa wake, kwa kuwa mauzo ya siku nayo hupanda na zile 20 hazitoshi tena. Kila mzigo mpya ukishushwa, siku zake huandikwa chini ya orodha, na namba hupangwa upya.