Maneno kumi chini ya jina

Mstari wa utambulisho ni sentensi fupi inayokaa kwenye saini ya barua pepe, chini ya jina na cheo cha mwandishi, ikimweleza mpokeaji kazi anayoifanya mtu huyo na anaowafanyia. Kwa kawaida huwa na maneno yapatayo kumi. Wanaofahamiana hawauhitaji. Faida yake iko kwenye barua ya kwanza, pale mpokeaji anapokutana na jina asilolijua, akasoma aya moja au mbili, kisha akashuka hadi chini kutazama ni nani huyu anayemwandikia.

Hapo cheo peke yake mara nyingi hakimsaidii. "Mkurugenzi Mtendaji" wa kampuni asiyoijua anaweza kuwa muuza mabati au mwendesha shule ya chekechea. Vyeo vya kitaaluma navyo vina tatizo lake: vinaeleweka vizuri ndani ya taaluma, na nje yake havisemi kitu. Mkadiriaji majenzi ni mfano wazi. Huyu ndiye anayesoma michoro ya jengo, akapima kila kilichomo kuanzia mita za ujazo za zege hadi idadi ya vitasa, akatengeneza orodha ya kazi, vifaa na bei. Ujenzi ukianza, hupima kazi iliyokwisha kufanyika kabla mkandarasi hajalipwa awamu inayofuata. Hata hivyo, wengi waliojenga nyumba ya kuishi hawajawahi kukutana naye, kwa sababu fundi mkuu alikadiria kwa uzoefu na mwenye nyumba akalipa kila alipoombwa. Wakisoma "mkadiriaji majenzi" chini ya barua, hudhani wameandikiwa na fundi au na mchoraji wa ramani.

Idadi ya maneno kumi haikutungwa na sheria yoyote. Inatokana na nafasi iliyopo. Mwongozo wa adabu za mtandao uliotolewa mwaka 1995, unaojulikana kama RFC 1855, ulipendekeza saini isizidi mistari minne. Kanuni za muundo wa barua pepe nazo hushauri kila mstari usivuke herufi 78, nafasi kati ya maneno zikiwemo. Maneno kumi ya Kiswahili hutumia takribani herufi 60 hadi 75. Kwa hiyo sentensi hiyo hutosha kwenye mstari mmoja wa kompyuta, na kwenye simu hukatika mara moja tu. Ikifika maneno ishirini, kwenye simu inakuwa aya, na aya iliyo chini ya jina hairukwi na wavivu tu.

Kiswahili kina mtego wake katika hesabu hii. Mwandishi akijenga mstari kwa nomino, viunganishi humla maneno. Tazama: "Utoaji wa huduma za ukadiriaji wa gharama za ujenzi wa majengo." Hayo ni maneno kumi na moja, na matano kati yake ni "wa" na "za". Yaliyobaki yanarudia cheo tu. Kitenzi hubana zaidi. "Wanaojenga" ni neno moja, lakini limeshataja watu na kazi yao. "Wakiwa mbali" ni maneno mawili yanayobeba hali nzima ya mteja. Tena kiambishi "hu-" cha mazoea hakina nafsi ndani yake, hivyo mwandishi haamui kama aseme "ninakadiria", ambayo husikika kama mazungumzo, au "anakadiria", kana kwamba anamtambulisha mtu mwingine. "Hukadiria" inatosha pande zote.

Chukua mkadiriaji majenzi aliyeko Tanga, ambaye wateja anaowataka ni watu wanaojenga nyumbani huku wakiishi Maskati, London au Toronto. Watu hao wana shida moja kubwa: wanatuma pesa na hawaoni ukuta. Mstari wake wa kwanza unaweza kuwa huu: "Mtaalamu mbobezi wa ukadiriaji majenzi na utoaji wa suluhisho za ujenzi." Unasikika vizuri, na hauelezi chochote. Ubobezi ni sifa ambayo kila mtu hujipa mwenyewe bure, na "suluhisho" linaweza kuwa saruji, mkopo au ushauri.

Akijaribu kuwa mkweli zaidi, ataandika: "Hupima michoro, huandaa makadirio, hukagua malipo ya mkandarasi na hesabu za mwisho." Sasa kila neno ni la kweli. Lakini ni orodha ya hatua kwa mpangilio wa ofisini kwake, na msomaji aliyeko Maskati hajui kwa nini michoro ipimwe. Huu ungefaa kama barua ingekwenda kwa mbunifu majengo au kwa ofisi ya manunuzi ya halmashauri, ambao hatua hizo wanazijua na wanataka kuona kama zote zimo.

Jaribio la tatu linamgeukia mteja: "Husimamia gharama za nyumba kwa wanaojenga Tanga wakiwa mbali." Maneno ni tisa na mteja anajiona ndani yake. Kasoro iko kwenye kitenzi. Aliyewahi kumtumia ndugu pesa za ujenzi akaishia na msingi tu atasoma "husimamia gharama" akaelewa kwamba mgeni huyu anataka pesa zipitie mikononi mwake. Hilo ndilo jambo analoliogopa kuliko yote. Kinachohitajika ni vitenzi vinavyoonyesha kwamba mkadiriaji anahesabu na kuhakiki, na hashiki fedha: "Hukadiria gharama na kukagua malipo kwa wanaojenga Tanga wakiwa mbali." Maneno kumi, herufi 69 pamoja na nafasi. Neno "nyumba" limeondoka bila hasara, maana "wanaojenga" linalibeba. "Tanga" limebaki kwa sababu ndilo litakalomfanya mwenye kiwanja Pongwe aendelee kusoma na mwenye kiwanja Mbeya aache, na yote mawili yanaokoa muda.

Mstari huu haubebi cheo wala usajili. Hivyo vina nafasi yao juu yake, na kuna sababu ya kisheria ya kutovichanganya. Tanzania Bara, Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi ndiyo inayosajili watu wa fani hii, na nchini Kenya kuna bodi yake chini ya Sura ya 525 ya sheria za nchi. Aliyesajiliwa anaandika cheo hicho kama kilivyo kwenye cheti, pamoja na namba yake, ili mpokeaji aweze kuuliza kwenye bodi. Asiyesajiliwa hawezi kujipa cheo hicho. Akiwa mhitimu anayefanya kazi chini ya mkadiriaji aliyesajiliwa, anapaswa kusema hivyo, na mstari wa maneno kumi usiwe njia ya kuchungulia: "hukadiria" inayosomeka kama kazi ya mtu aliye peke yake ni madai yaleyale kwa mlango wa nyuma. Hali ni hiyohiyo kwa mawakili, wahandisi na wahasibu wenye vyeo vinavyolindwa na sheria.

Kwa hiyo saini nzima ina mistari minne: jina, cheo na namba ya usajili, mstari wa utambulisho, kisha simu yenye msimbo wa nchi. Kwa mpokeaji aliye nje, +255 ni muhimu kuliko nembo ya kampuni. Nembo, kwa kweli, huleta madhara. Saini iliyotengenezwa kama picha huonekana nzuri kwa aliyeituma, lakini programu nyingi za barua huzuia picha kutoka kwa watu wasiojulikana, na barua ya kwanza ndiyo hasa inayotoka kwa asiyejulikana. Mpokeaji huona kisanduku kitupu. Pia ni vigumu zaidi kunakili namba ya simu iliyo ndani ya picha.

Maandishi ya kawaida yana faida nyingine inayojitokeza baadaye. Miezi mitatu ikipita, mteja hakumbuki jina la mkadiriaji. Anakumbuka kwamba kuna mtu aliyeandika kuhusu gharama au malipo ya Tanga, na ndiyo maneno atakayoyaandika kwenye kisanduku cha kutafutia cha barua zake. Mstari uliotumia maneno ya mteja utapatikana. Uliosema "suluhisho" hautapatikana, kwa kuwa hakuna anayetafuta suluhisho kwa jina hilo.

Katika Gmail ya kompyuta, saini huwekwa kwenye "See all settings", chini ya "General", sehemu ya "Signature". Humo mna visanduku viwili vinavyopuuzwa sana: "FOR NEW EMAILS USE" na "ON REPLY/FORWARD USE". Saini yenye mstari wa utambulisho huchaguliwa kwenye cha kwanza. Kwenye cha pili huwekwa saini fupi ya jina na simu, kwa sababu mtu aliyejibiwa mara tano hahitaji kuambiwa mara tano kazi ya anayemjibu. Saini zinaweza kuwa zaidi ya moja. Mkadiriaji wetu anaweza kuwa na ya Kiswahili na ya Kiingereza, au moja ya wenye nyumba na nyingine yenye ule mstari wa hatua kwa ajili ya wabunifu, akachagua kulingana na anayemwandikia. Simu nayo iangaliwe peke yake, kwani programu ya simu ina mpangilio wake wa saini. Barua nzito ya kuomba kazi ikimalizikia na "Sent from my iPhone", kitu pekee ambacho mpokeaji amejulishwa kuhusu mwandishi ni aina ya simu yake.

Mstari ulioshindwa hujulikana kwa majibu yanayorudi. Kimya hakithibitishi kitu, maana barua huachwa kwa sababu nyingi. Lakini wapokeaji wakijibu "Samahani, unahusika na nini hasa?", mstari haukusomeka. Wakiomba kazi isiyo yake, aina ya ombi huonyesha neno lililopotosha. Wanaotaka kuchorewa ramani wameongozwa na cheo, na kitenzi hakikutosha kuwarekebisha. Wanaouliza bei ya kumaliza jengo zima wameona "gharama" na kumdhani mkandarasi. Kabla ya kuutuma, kuna jaribio la dakika mbili: kufunika jina na cheo, kumpa mstari huo mtu asiye wa fani, na kumuuliza angemwita mtu huyu siku gani. Akisema "siku fundi akiniomba pesa ya lenta na sijui kama ukuta umefika", mstari umefanya kazi. Akisema "siku nikitaka kujenga", bado kitenzi ni kipana.

Mstari pia huchakaa. Mkadiriaji akipata kazi za shule na zahanati za taasisi, "wanaojenga wakiwa mbali" hawamwelezi tena mteja wake, na barua kwa taasisi hizo ikibaki na maneno hayo itamfanya aonekane mtu wa nyumba za watu binafsi. Kubadilisha huchukua dakika chache. Kinachosahaulika ni kwamba saini ya kompyuta ikibadilishwa, ile ya simu inaweza kubaki ilivyokuwa, na mteja mmoja akapokea maelezo mawili tofauti kutoka kwa mtu mmoja ndani ya siku moja.