Hadithi ya mstarini inayomsaidia mtoto kusema kweli

Asubuhi wanafunzi wakiwa mstarini, mwalimu wa zamu ana dakika chache tu. Akitaka kuzungumzia uaminifu, wengi huchagua hadithi ya mwongo aliyeumbuka. Lakini mwaka 2014 watafiti akina Kang Lee na Victoria Talwar walichapisha jaribio walilofanya na watoto wa miaka 3 hadi 7. Hadithi ya mchungaji mwongo aliyeliwa kondoo, na ya Pinokio aliyerefuka pua, hazikuwapunguzia watoto uongo. Iliyosaidia ni ya George Washington mdogo, aliyekiri kukata mti na kusifiwa na baba yake. Watafiti walipoibadilisha ili mtoto apate mabaya kwa kudanganya, nguvu yake ilipotea.

Basi simulia hivi: Mvulana wa darasa la tatu alipiga mpira, ukavunja kifuniko cha ndoo ya maji. Hakuna aliyemwona. Mwalimu alipouliza, moyo ulimdunda, akanyoosha mkono. “Ni mimi, mwalimu. Naomba unisamehe.” Mwalimu akajibu, “Asante kwa kusema kweli. Mchana tutakifunga kwa waya, mimi na wewe.”

Kisha sema funzo kwa sentensi moja: ukikosea, sema kweli, nasi tutakusaidia kurekebisha.

Funzo hilo lina sharti. Mtoto akikiri kesho yake akachapwa mbele ya wenzake, mstari mzima utajifunza kunyamaza.