Jina la Kupita Kwenye Nondo

Kwenye duka la Mangi mteja haingii ndani. Anasimama nje ya nondo, anapenyeza noti kwenye kidirisha, na anachokitaka anakitaja kwa mdomo. Hana nafasi ya kushika kopo, kuligeuza na kusoma maandishi ya nyuma kama afanyavyo mteja wa supamaketi. Mara nyingi hata mlaji mwenyewe hayupo. Aliyekuja ni mtoto wa miaka saba, katumwa na mama yake, na njiani kasimama kutazama wenzake wakicheza mpira. Atakapofika dirishani, neno lililosalia kichwani mwake ndilo litakalouzwa.

Likiwa limeshamtoka, atasema "nipe siagi ya karanga", na Mangi atateremsha kopo lililo karibu na mkono wake, au lile linalomwachia faida zaidi. Mtengenezaji aliyekesha akikaanga na kusaga atakuwa amemtafutia mwenzake mteja. Ndiyo maana jina la bidhaa ya duka dogo lipimwe kwanza kwa sikio. Rangi ya lebo, aina ya herufi na umbo la kopo ni mambo ya baadaye.

Tumchukue mtengenezaji mmoja wa kubuni, tumfuate hatua kwa hatua. Ni mama wa Mbagala, Dar es Salaam. Karanga zake zinatoka Dodoma, ana mashine moja ya kusagia, anajaza makopo ya gramu 250 na ya gramu 400, na anataka kuanza na maduka arobaini ya mitaa ya jirani. Kwenye daftari lake ameandika majina matano, na kila moja lina mtu aliyelipigia debe.

La kwanza alilileta kijana wake aliyesoma. Ni jina la Kiingereza, na kwa Kiingereza linapendeza, maana linataja karanga na utamu kwa pamoja. Lakini neno la kigeni likiingia kwenye kinywa cha Mswahili huvaa irabu zetu, na hili lilipotamkwa na majirani likatoka "Nati". Nati kila mtu anaijua: inakaa kwenye boliti, na inauzwa duka la vipuri. Mama akacheka, akalikata.

La pili ni "Siagi Tamu". Halina kosa la kuchekesha. Tatizo lake ni kwamba halina mwenyewe. Kila mtu aliye na karanga na mashine anaweza kusema siagi yake ni tamu, na mtoto akilitaja dirishani Mangi hawezi kujua kama ametaja jina la kopo au ametoa sifa tu. Sheria nayo inaliona hivyohivyo. Tanzania Bara alama za biashara husajiliwa na BRELA kwa sheria ya mwaka 1986, na neno linaloeleza moja kwa moja bidhaa ni kitu gani au ina ubora gani ni vigumu kulisajili, kwa sababu ni mali ya wote. Isitoshe, lebo ya chakula ni lazima itaje chakula chenyewe. Maneno "siagi ya karanga" yatakuwepo kwenye kopo hata asipoyataka, kwa hiyo jina la chapa limeshapunguziwa mzigo huo. Watengenezaji wengi wadogo hawaoni nafuu hii, wakaandika jambo moja mara mbili.

La tatu lilikuwa na uzito wa moyoni: "Kongwa", wilaya ya Dodoma anakonunua karanga. Hapa mzee mmoja wa mtaani alisaidia kuliko mtaalamu yeyote. Kwanza akakumbusha kuwa Kongwa ndiko Waingereza walikoanzisha mradi wao mkubwa wa karanga mwaka 1947, wakaingiza matrekta na mamilioni ya pauni, na mwaka 1951 wakauacha umeshindwa. Kisha akauliza kama mama anajua maana nyingine ya neno hilo. Kongwa ni ule mti wenye panda waliofungwa shingoni watumwa. Jina la mahali lina ugumu wake pia kwenye usajili, lakini kwa hapo hapakuwa na haja ya kufika huko.

La nne ndilo lililobishaniwa sana: "Nguvu". Fupi, linatamkika, na karanga ni chakula chenye protini na mafuta ya kutosha. Kasoro yake haionekani kwenye karatasi, inaonekana ukikaa kijiweni. Karanga mbichi, muhogo mbichi na vipande vya nazi huuzwa barabarani Dar es Salaam kwa kikonyezo ambacho kila mtu mzima anakifahamu. Weka karanga na nguvu kwenye sentensi moja, na wanaume watatabasamu, wengine watauliza kama inafanya kazi usiku uleule. Huenda wangenunua, lakini mama atamtumaje binti yake akasimame dirishani, mbele ya vijana, aombe "Nguvu"? Na mnunuzi wa siagi ya karanga kwenye maduka haya ni mama anayefunga mkate wa shule. Jina linalomtia haya limemfungia mlango.

La tano alilipenda kila aliyelisikia: "Paka". Paka mkate, basi. Silabi mbili, kitenzi chenyewe, hata mchoro ulishapatikana, paka anayelamba kijiko. Ila mji huu umechoka utani wa sambusa za nyama ya paka, na chakula chenye picha ya paka kinaalika swali ambalo hakuna muuzaji anayetaka kulijibu. Lilikatwa kwa masikitiko. Neno lenyewe, hata hivyo, mama alilizungushia duara. Litarudi.

Daftari likabaki tupu, na hapo ndipo kazi ilipoanza sawasawa. Mama aliacha kutafuta sifa, akatafuta kitu: kitu kinachohusiana na karanga bila kuwa karanga, kinachochoreka, na ambacho hakijakaa kwenye makopo mengine. Kuchoreka si pambo. Kopo litakaa nyuma ya Mangi, hatua mbili tatu kutoka kwenye nondo, kwenye kivuli, na asiyejua kusoma ataliita kwa picha: "ile ya jogoo", "ile ya kasuku". Kenya kuna unga wa Jogoo na mafuta ya kupikia ya Kasuku, na vyote viwili vinaagizwa hata na mtoto asiyejua herufi. Simba, twiga na tembo wameshachukuliwa na kila kitu kuanzia saruji. Nani basi anakula karanga?

Mkulima yeyote atakujibu kwa hasira: kindi. Anafukua mbegu kabla hazijaota na anarudi wakati wa kuvuna. Mwizi, lakini mwizi anayejua kuchagua. Mkia wake mkubwa unatambulika hata mchoraji wa ukutani akiwa na brashi mbovu.

Sasa lipime neno hilo kwa sikio. Ki-ndi: silabi mbili. Halina r wala l, na hili si jambo dogo, kwa sababu wako mamilioni ya wasemaji wa Kiswahili ambao kwao sauti hizo hubadilishana. Jina kama "Chiriku" lingerudi likiwa "Chiliku", na kesho mtu mwingine akalisajili kwa tahajia hiyo. Halina th, dh wala gh, sauti ambazo bara nyingi hugeuka s, z na g. Anayelisikia mara moja ataliandika sawasawa.

Kasoro linazo. Bodaboda ikipita, "Kindi" laweza kusikika "hindi". Lakini duka la Mangi kwa kawaida haliuzi mahindi ya kuchoma, basi Mangi atajisahihisha mwenyewe. Ya pili inahitaji uangalifu zaidi: Kindi ni jina la ukoo wenye asili ya Oman, na Zanzibar mtu anaweza kuuliza kama hii ni siagi ya akina fulani. Majina ya koo nayo huleta maswali kwenye usajili. Kuliombea jina pamoja na mchoro wa mnyama mwenyewe kunaonyesha kuwa anayezungumziwa hapa ana mkia.

Majaribio mama aliyafanya bila kumuuliza mtu "unalipendaje?", maana kwetu ukiulizwa hivyo na mwenye mali utajibu "zuri". Asubuhi aliwatajia jina watu kumi, mara moja tu, katikati ya mazungumzo ya mambo mengine. Jioni akawauliza ile siagi inaitwaje. Siku ya pili akawauliza wengine: ukisikia Kindi unaona nini? Wengi waone mnyama, mmoja wawili waone jamaa wa Zanzibar, hiyo inavumilika. Akiona watatu wamenyamaza na kutazamana, ajue kuna maana ya mtaani ambayo hajaambiwa. Siku ya tatu akampa mtoto wa jirani hela, akamtuma duka la mbali kidogo ambako alishaacha kopo moja.

Kabla ya kuchapa lebo hata moja kuna safari ya BRELA, ambayo siku hizi huanzia kwenye mtandao wao. Siagi ya karanga iko daraja la 29 katika mgawanyo wa kimataifa wa bidhaa, na humo ndimo anamotafuta kama kuna anayefanana naye. Kufanana ni kwa sauti pia. Kubadili i ya mwisho kuwa y hakumwokoi mtu. Usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Na haushiki Zanzibar. Huko anaomba upya BPRA, na anayepanga kupeleka makopo Darajani afanye hivyo mapema.

Ilibaki kaulimbiu. Mama alikuwa na tatu. "Afya ya familia" ingeweza kukaa kwenye maziwa, sabuni na hata godoro. "Asilia asilimia mia" ingekuwa uongo, kwa sababu anatia chumvi na sukari kidogo, na viambato vimeandikwa palepale nyuma ya kopo. "Koroga kwanza" ilimvutia kwa sababu ya ukweli wake: siagi isiyo na kigandishi hutenga mafuta juu, na wateja wengi hudhani imeharibika. Lakini hilo ni agizo la matumizi, na mahali pake ni kwenye mfuniko, ambako mtu atalisoma wakati wa kufungua.

Hapo ndipo duara la daftarini liliporudi. Watoto hulalamikia mkate uliopakwa katikati tu, pembe zikabaki kavu. "Paka mpaka kona." Maneno matatu, silabi saba, mdomo unacheza. Yanasema utumie vipi, yanamsuta mchoyo kwa utani, na yanamaliza kopo haraka, jambo ambalo mtengenezaji halipingi. Na paka alipata nafasi bila kuwekwa kwenye picha.

Mtoto wa jirani alirudi na kopo sahihi. Jioni mama alipita dukani kulipa, akaomba kuona daftari la mikopo, kwa sababu kuna mteja mwingine alikuwa amekopa. Mangi alikuwa ameandika kwa peni ya buluu, kwa haraka, bila kuuliza tahajia: Kindi ndogo 1.