Wimbo wa Kuuvusha Mwaka

Watu wa Uskoti, nchi iliyo kaskazini mwa Uingereza, wana desturi ya kukesha usiku wa tarehe 31 Desemba. Kwao siku hiyo ilikuwa kubwa kuliko Krismasi, maana kwa muda wa miaka mingi Krismasi haikuwa siku ya mapumziko kwa watu wote, hata ilipofanywa hivyo mwaka 1958. Basi furaha yao waliiweka mwisho wa mwaka, wakaipangia nyimbo zake.

Saa za mwisho za mwaka ni saa za utulivu. Kwa desturi ya zamani nyumba hufagiwa, majivu ya mekoni hutolewa nje, na mwenye deni hujitahidi kulilipa, ili mwaka mpya usimkute na mzigo wa mwaka wa kale. Wengine huenda kanisani, na huko huimbwa nyimbo za polepole. Mmoja unaopendwa sana ni ule uliotungwa na Isaac Watts katika Zaburi ya 90, ukachapwa mwaka 1719, nao wasema habari za miaka ipitayo na wanadamu wapitao pamoja nayo. Watu huukumbuka msiba wa mwaka ule, na waliokuwapo mwaka jana ambao sasa hawapo. Kisha hunyamaza na kungoja.

Hata ifikapo saa sita ya usiku, kengele hupigwa mara kumi na mbili, kwa hesabu ya saa za Kizungu. Ndipo watu huimba wimbo uitwao Auld Lang Syne, yaani siku za zamani.

Wimbo huu ulitoka kwa mtunga mashairi Robert Burns, mwana wa mkulima, aliyezaliwa mwaka 1759. Aliuandika katika barua mwaka 1788, wala hakusema ni wake mwenyewe wote. Alisema ya kuwa ni wimbo wa kale, na baadaye alieleza kwamba aliupata kwa mzee mmoja aliyekuwa akiuimba. Burns alikufa mwaka 1796. Sauti ambayo watu huuimbia leo iliunganishwa na maneno hayo katika kitabu kilichochapwa mwaka 1799.

Maneno yake hayataji mwaka mpya hata mara moja. Ni habari za rafiki wawili waliocheza pamoja mtoni walipokuwa watoto, wakachuma maua mlimani, kisha bahari ikawatenga. Sasa wamekutana tena, nao wanywa pamoja kwa kuzikumbuka siku zile. Kwa hiyo wimbo wafaa sana kwa saa ile, kwa kuwa una huzuni ya kuachana na furaha ya kuonana, vyote viwili.

Tena ni rahisi kujifunza. Una sauti tano tu: do, re, mi, so, la, fa na ti hazimo. Lakini una hatari yake. Waanza kwa so ya chini, na katika kiitikio waimbaji wengi hupanda hata do ya juu. Mwenye kuanzisha akianza juu mno, beti huenda vema, kisha kwenye kiitikio wanaume hukatika sauti na watoto hupiga kelele. Kwa sababu hiyo mwanzishaji mwenye busara hujaribu kwanza ile do ya juu kimoyomoyo, ndipo aanze.

Watu husimama duara, wameshikana mikono kama kawaida. Wengi hukosea hapa, hupishanisha mikono tangu mwanzo. Desturi ya Waskoti ni kungoja ubeti wa mwisho, kwa kuwa ndio usemao habari za rafiki ampaye rafiki yake mkono. Hapo kila mtu hupitisha mkono wa kuume juu ya wa kushoto mbele ya kifua, akamshika jirani wa upande wa kushoto kwa mkono wa kuume, na wa upande wa kuume kwa mkono wa kushoto. Duara hukaza. Wimbo huzidi mwendo, wote hukimbilia katikati na kurudi, kisha ngoma na vinanda huanza.

Waskoti wengi walihamia nchi za mbali kama Kanada na Nyuzilandi, wakauchukua wimbo wao. Hata Japani sauti yake ilitiwa katika kitabu cha nyimbo za shule mwaka 1881, kwa maneno mengine, na wanafunzi wakaiimba wamalizapo masomo na kuagana. Sauti tano hazikuwa ngeni kwa Wajapani, maana nyimbo zao nyingi za kale zina sauti tano vilevile. Hivyo watu wasiojuana walipata wimbo mmoja wa kuagana.