UZI: Picha ya Mekatilili "iliyorejeshwa". Imerejeshwa kutoka wapi?

1/ Siku ya Mashujaa ikikaribia, makundi yetu ya WhatsApp huku barani hujaa picha za Mekatilili wa Menza. Juzi nimetumiwa moja safi ajabu: mama mtu mzima, hando jeupe, shanga shingoni, macho makali. Chini imeandikwa "Mekatilili 1913, imerejeshwa na kutiwa rangi". Kufika jioni ishaingia kwenye mabishano ya ardhi, huyu akiipeperusha kama ushahidi, yule akisema ni uongo mtupu. Hebu tuongee polepole.

2/ Kwanza tutoe jambo moja njiani. Habari zake hazitegemei picha. Mwaka 1913 aliwahimiza Wagiriama wakatae kodi na kazi ya lazima, kiapo kikala Kaya Fungo. Akakamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa mpaka Kisii, wakatoroka wakarudi. Agosti 1914 serikali ikailipua Kaya Fungo kwa baruti. Wakoloni wenyewe waliyaandika. Swali letu ni picha tu.

3/ Watu wanachanganya mambo manne. Kurejesha ni kufuta mikwaruzo na madoa kwenye picha iliyopo. Kutia rangi ni kukisia rangi juu ya picha iliyopo. Kukuza ni kuongeza nukta ili picha ndogo ionekane kubwa. Kubuni ni kutengeneza picha ambayo haijawahi kupigwa. Yale matatu ya mwanzo yana mama: iko picha ya asili mahali fulani. Ya nne ni yatima tangu kuzaliwa.

4/ Tuanze na rangi. Vioo vingi vya picha vya zama zile havikuwa vikiona nyekundu. Nyekundu ilitoka karibu nyeusi, na buluu ikatoka nyepesi kuliko ilivyo. Sasa chukua leso ya kisutu: nyekundu, nyeusi, nyeupe. Kwenye kioo kama hicho nyekundu na nyeusi zinakaribiana mpaka huzitenganishi. Programu ikija kutia rangi itakupa leso nyeusi au ya kahawia, na bibi yako akiiona atakwambia si kisutu hicho. Picha si feki, ila ile rangi haithibitishi chochote kuhusu mavazi.

5/ Kukuza ndiko kunakodanganya zaidi, na wanaofanya hivyo hawana nia mbaya. Picha ya nukta 200 kwa 250 ina nukta 50,000. Ikikuzwa mara nne kila upande inakuwa 800 kwa 1,000, yaani nukta 800,000. Hizo 750,000 zimetoka wapi? Programu imezikisia kwa kufuata mamilioni ya sura za watu wengine. Kwa hiyo jicho unaloliona kali hivyo huenda si jicho la mtu yule kabisa.

6/ Nikarudi kwenye ile picha ya kundini. Nikaikuza kwa vidole. Shanga za shingoni mahali pengine zimeungana kama uji. Mikunjo ya hando inaanza kiunoni, halafu inapotea ndani ya mkono. Hereni ya kulia si ya namna moja na ya kushoto. Ngozi laini kama plastiki, lakini nyuma yote ukungu. Dalili hizo zinatia shaka, basi. Picha ya kweli iliyokuzwa vibaya nayo huharibika hivyo hivyo, na picha za kubuni za siku hizi zinazidi kuwa safi. Ukitegemea jicho peke yake, utashindwa kotekote.

7/ Kipimo chenyewe ni kuomba ya asili. Nikamuuliza aliyeituma: "Kaka, ya asili iko wapi?" Akanitumia nyingine. "Hii hapa, hata ni safi zaidi." Sasa jamani! Picha ya 1913 inatakiwa ikirudi nyuma izidi kuchakaa: mkwaruzo, kona iliyovunjika, muhuri, mwandiko wa mtu nyuma. Hii inarudi nyuma ikizidi kung'aa.

8/ Nikaitafuta kwa Google Lens na TinEye, kwenye TinEye nikipanga kuanzia ya zamani zaidi. Picha ya asili ya hapa kwetu mara nyingi mwisho wake huangukia kwenye hifadhi: Nyaraka za Taifa Nairobi, Makumbusho ya Taifa, mkusanyo wa Winterton kule Chuo Kikuu cha Northwestern Marekani, au jalada la CO 1069 la hifadhi ya taifa ya Uingereza. Huko kila picha ina namba, na mara nyingi mahali au mwaka. Yangu ikaishia kwenye kurasa za mitandao za juzijuzi tu, hakuna namba, hakuna mpigaji. Na katika zote nilizotumiwa miaka hii kwa jina la Mekatilili, sijaona hata moja inayofika kwenye namba ya hifadhi. Sanamu yake pale Malindi mjini haina tatizo hilo, maana hakuna anayesema ilipigwa kwa kamera.

9/ "Sasa picha tu, ina shida gani?" Nipeleke Kaloleni. Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru akiwa na vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake waliofariki. Muda mfupi baadaye vikaibwa. Mwaka 1999 Udvardy, kwenye mkutano wa wasomi Marekani, akaona picha ya kigango kilichokuwa kwenye makumbusho kule Illinois. Akakitambua. Cha pili kikapatikana makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton. Vyote vilirudi, na 2007 familia ikapokea.

10/ Kilichosema "hiki ni chetu" ni michongo iliyoonekana kwenye ile picha ya 1985, ikilinganishwa na mti wenyewe. Sasa fikiria familia ingekuwa na nakala moja tu, iliyopitishwa kwenye programu ya kukuza. Pembetatu zilizochongwa zingepangwa upya vizuri, ufa wa mti ungezibwa kama doa. Wakili wa makumbusho angeuliza swali moja tu: "Mchongo huu ni wa mzee au wa programu?" Na hapo kesi imeisha.

11/ Ndiyo maana mtunza nyaraka haguswi na "imependeza". Yeye huweka faili ya kwanza kama ilivyotoka, haihaririwi. Iliyosafishwa au kutiwa rangi huwekwa kando, jina lake tofauti, na maelezo ya nini kilifanywa na nani. Ya kubuni ikiingia humo bila lebo inaharibu mara mbili. Mmoja ataiamini. Mwingine, akishaikamata, atasimama jukwaani aseme na zile picha halisi za watu waliofukuzwa mashambani nazo ni za kompyuta. Huyo wa pili ndiye ninayemwogopa, kwa sababu ndiye anayefaidika tukisambaza ovyo.

12/ Kwa hiyo ukitumiwa picha ya zamani, uliza: ya asili iko wapi, namba gani, nani kaibadilisha na kabadilisha nini. Ukikosa jibu, usiitumie kuthibitisha jambo. Na kama una picha za bibi kwenye sanduku, usizisugue kwa kitambaa. Zipige skana 600 dpi, faili ya TIFF, mbele NA nyuma, maana jina na tarehe mara nyingi ziko nyuma. Ukitaka kuitia rangi, fanyia nakala, uandike chini: "rangi zimekisiwa".