Mzigo wa Ugalla, malipo ya Mpanda

Mteja wa Ugalla akiagiza betri ya sola kutoka duka la Mpanda mjini, kwa kawaida hulipa mzigo ukishamfikia. Hamjui muuza duka, na muuza duka hamjui yeye, kwa hiyo bodaboda ndiye anayebeba imani ya wote wawili: huenda na betri, hurudi na noti. Kurudi na noti ndiko kunakotia wasiwasi, maana njia ni ndefu, pesa ni nyingi, na ikipungua hakuna ushahidi wa nani kaipunguza.

Siku hizi boda anaweza kwenda na msimbo wa QR badala ya kurudi na pesa. Mwaka 2022 Benki Kuu ya Tanzania ilizindua TANQR, kiwango kimoja cha taifa cha misimbo hiyo, ili mteja wa mtandao au benki moja aweze kumlipa mfanyabiashara aliyeko kwingine. La msingi ni kwamba msimbo anaouonyesha boda uwe wa duka, usiwe wake. Pesa ikiingia kwanza kwenye simu ya boda, tumerudi kule kule kwenye noti, tena na makato ya kuituma mara ya pili.

Tuchukue betri ya shilingi 185,000, na nauli ya mzigo 15,000. Duka linatengeneza msimbo wa oda hiyo moja, wa shilingi 200,000, na kumtumia boda kama picha kabla hajaondoka. Ndani ya vile visanduku vyeusi na vyeupe kuna maandishi, na sehemu yake husomeka hivi:

```
010212
5303834
5406200000
5802TZ
62080104K117
```

Mstari wa kwanza unasema msimbo ni wa malipo haya tu. Ungekuwa wa kudumu, kama ule uliobandikwa kaunta, ungeishia na 11. 834 ni namba ya kimataifa ya shilingi ya Tanzania. Mstari wa tatu una kiasi: 54 ni jina la sehemu, 06 ni idadi ya tarakimu zinazofuata, kisha 200000 yenyewe. TZ ni nchi, na K117 ni namba ya oda. Mteja akiskani, kiasi kinakuja chenyewe. Kazi yake ni kusoma jina la duka na kuweka namba ya siri.

Si kila duka lina huduma ya kutengeneza msimbo wa namna hiyo, na si kila mteja ana simujanja yenye bando. Hapo boda anamsomea Lipa Namba, na mteja mwenye kitochi anapitia menyu ya kawaida, kwa mfano *150*00# kwa M-Pesa au *150*60# kwa Airtel Money. Menyu hizi hazihitaji intaneti. Hatari yake ni kwamba kiasi kinaandikwa kwa mkono, na sifuri moja ikisahaulika, 200,000 inakuwa 20,000, huku ujumbe ukisema malipo yamekamilika. Kwa hiyo muuza duka asome kiasi, asiishie kwenye neno hilo.

Na asome kwenye simu yake mwenyewe. Hapa ndipo wengi wanapoteleza: mteja anamwonyesha boda ujumbe wa malipo, boda anaacha mzigo na kuondoka. Ujumbe unaweza kuandikwa na yeyote na kutumwa kutoka namba ya kawaida, na picha ya skrini inaweza kuwa ya jana. Uthibitisho halali ni ule uliofika dukani, wenye salio lililoongezeka. Muuza duka akishauona, ndipo anampigia boda: "Imeingia, mwachie." Nauli anamlipa boda mwenyewe, kama walivyopatana.

Wakati mwingine mteja amekatwa lakini dukani kumekuwa kimya. Asilipe mara ya pili. Boda aandike namba ya muamala, duka liangalie taarifa ya akaunti, na mzigo ubaki mkononi mwa boda mpaka jibu lipatikane. Mteja naye ana haki yake: akague betri kabla ya kuweka namba ya siri, kwa sababu kurudishiwa pesa iliyokwisha kuingia dukani ni kazi kubwa kuliko kuizuia noti ikiwa bado mfukoni.

Mtandao usiposhika, utaratibu huu haufanyi kazi, na picha ya msimbo peke yake haisaidii kitu. Wauza duka wa Mpanda, kabla boda hajawasha pikipiki, muulizeni mteja mahali gani karibu naye simu inashika, na mkubaliane kukabidhiana mzigo hapo.