Nyumba ya kuuza Dodoma: tengeneza kinachotia shaka, acha kinachotaka kupendeza

Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma kwa dhati, nyumba nyingi za Nkuhungu, Ilazo, Kisasa na Nzuguni zimebadilisha mikono. Mnunuzi wa siku hizi mara nyingi ni mtumishi aliyehamishwa, ana mkopo au akiba ya miaka, na haji peke yake. Anakuja na fundi wake. Huyo fundi ndiye anayepaswa kukutia hofu, maana anagonga ukuta, anafungua bomba na kuinua macho darini kabla mwenyeji hajamaliza kusema karibu.

Wauzaji wengi hutumia pesa kumfurahisha mnunuzi, na fundi wa mnunuzi hafurahishwi na kabati jipya la jikoni. Kazi yake ni kutafuta sababu ya kupunguza bei. Kwa hiyo swali la kuuliza kabla ya kumwita fundi wako ni hili: kasoro hii ikibaki ilivyo, mnunuzi atakata kiasi gani? Ukishapata jibu, lilinganishe na gharama ya kuiondoa. Uzuri wa nyumba uje baadaye.

Tuchukue mfano wa kubuni. Nyumba ya vyumba vitatu, Nkuhungu, inauzwa shilingi milioni 70. Kwenye dari ya jipsamu ya sebuleni kuna doa la kahawia lenye ukubwa wa sahani. Mwenye nyumba anajua kwamba ni msumari mmoja wa bati ulioachia, na kwamba dari haijavuja tena tangu mvua za mwaka juzi. Mnunuzi hajui hayo. Amekuja Agosti, na Dodoma haina mvua ya maana kuanzia Mei hadi Oktoba, kwa hiyo hana namna ya kuona kama paa linavuja au la. Asiyejua hupigia hesabu ubaya wote: mabati yamechoka, mbao zimeoza, dari nzima ishushwe. Anakata milioni tatu. Kazi yenyewe ni kubadilisha misumari na mipira yake iliyopasuka kwa jua, kuweka ubao mmoja wa jipsamu na kupaka rangi dari ya chumba kimoja. Tuseme 200,000. Hapo shilingi moja inakurudishia kumi na tano.

Usipake rangi juu ya doa kabla ya kujua maji yanapita wapi. Jaribio lake ni rahisi. Mtu mmoja apande juu na mpira wa maji, mwingine akae darini na tochi. Mwagia sehemu ya chini ya mteremko kwanza, subiri dakika kadhaa, kisha panda juu taratibu. Ukianzia kileleni, maji yanatiririka juu ya kila msumari kwa pamoja na hutajua ni upi unaovuja.

Sasa linganisha na jikoni. Makabati mapya ya milioni tatu na nusu yanaonekana kuwa kitega uchumi, lakini mnunuzi wa nyumba ya milioni 70 hana hofu na kabati kuukuu. Analiona lilivyo, anajua bei ya kulibadilisha, na pengine anataka la rangi nyingine. Akikuongezea milioni moja kwa ajili yake, amekupenda. Vivyo hivyo kwa kung'oa taili nzima zilizopitwa na wakati. Iliyopasuka au inayolia ukiikanyaga ibadilishe, zilizobaki ziache. Madalali watakwambia vingine, lakini pesa inayotumika si yao.

Jambo la nyanda hizi linalohitaji subira kuliko yote ni kuta. Katika mitaa mingi utaona plasta inamenyeka sentimita 30 au 50 kutoka sakafuni, imeacha unga mweupe unaokwaruza kidole. Hiyo ni chumvi. Unyevu wa ardhini unapanda ndani ya tofali, unakauka kwenye uso wa ukuta na kuiacha chumvi hapo, ambayo inaisukuma rangi itoke. Ukipaka rangi ya mafuta juu yake nyumba itang'aa kwa wiki chache, kisha itatoa malengelenge, pengine siku mnunuzi anakuja mara ya pili na mke wake. Anza na chanzo. Ondoa udongo na maua yaliyorundikwa ukutani hadi kupita kimo cha msingi, ziba bomba linalodondosha, na maji ya bafuni yaelekee mbali na nyumba. Kwangua plasta mbovu, uiache ikauke vizuri, na piga brashi kavu, maana ukiosha kwa maji chumvi inayeyuka na kurudi ndani. Kisha piga plasta mpya na rangi ya maji, ambayo inauacha ukuta upumue. Kazi hii inataka wiki kadhaa za ukavu, kwa hiyo ifanye Julai au Agosti, usiingoje Desemba.

Nyufa nazo hazifanani. Zile nyembamba kama unywele, zilizosambaa kwenye plasta kama utando, ni za kukauka, zizibe tu. Ule unaoanzia kona ya dirisha na kushuka kwa ngazi ukifuata viungo vya matofali ni habari nyingine, hasa nyumba ikiwa kwenye udongo mweusi wa mbuga, unaovimba kwa mvua na kusinyaa kiangazi. Huu usiufunike kwa putty. Weka alama ya penseli kwenye ncha zake mbili, andika tarehe, na upime upana kwa rula kila mwezi. Usiposogea kuanzia kiangazi hadi mwisho wa masika, una ushahidi wa kumwonyesha mnunuzi. Ukisogea, mwite mhandisi, na bei iseme ukweli.

Kupunguza vitu hakuhitaji maelezo mengi, isipokuwa uani. Hapo ndipo yanapolala matofali yaliyobaki, mchanga, nondo zenye kutu na mbao za jukwaa. Mnunuzi hatalipa chochote kwa ajili yake, kwa hiyo uza kwa jirani anayejenga. Mbao zilizoegemezwa ukutani ni njia ya mchwa kupanda hadi kwenye fremu za milango, na fundi wa mnunuzi anajua kuzibonyeza kwa bisibisi. Ukishafyeka, tafuta bikoni zote za kiwanja na uzipake chokaa. Katika mji ambao CDA iligawa viwanja tangu 1973 hadi ilipovunjwa Mei 2017, na migogoro ya mipaka haijaisha, bikoni zinazoonekana zinaondoa shaka kubwa kuliko geti jipya. Ukiwa hapo, hakikisha kodi ya pango la ardhi imelipwa. Kama hati yako ni ile ya zamani ya CDA ya miaka 33, ulizia ofisi ya ardhi kuhusu kubadilishiwa ya miaka 99 kabla mnunuzi hajaulizia yeye.

Mabomba yenye ganda jeupe la maji magumu usiyabadilishe. Vifungue vichwa vya shawa, vilaze usiku mzima kwenye siki, uvisugue asubuhi. Siki isiguse tarazo, itaichubua. Na siku ya kuonyesha nyumba tangi liwe limejaa, maana mgao wa maji hauna adabu.

Jambo la mwisho ni karatasi. Faida ya kuuza nyumba hutozwa kodi ya 10%, ingawa nyumba uliyoishi mwenyewe miaka mitatu au zaidi husamehewa faida ikiwa haizidi shilingi milioni 15. Gharama za matengenezo zinapunguza faida hiyo mbele ya TRA zikiwa na ushahidi, kwa hiyo nunua rangi, saruji na misumari dukani wewe mwenyewe na udai risiti ya EFD. Hesabu aliyoandika fundi kwenye karatasi ya daftari haitakusaidia huko.